Tathmini Imeshasomwa: Namna ya Kumrudia Bosi Bila Kusikika Unagomba

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Morogoro mwezi Julai, mbele ya maafisa wa taasisi za fedha na wa halmashauri. Nimeyanyoosha kidogo ili yasomeke.

Wakubwa zangu shikamooni, na wadogo hamjambo. Nimeombwa nizungumzie tathmini ya utendaji kazi, na nimeamua nisiizungumzie yote. Fomu mnazijua, malengo mliyaandika wenyewe, na mwaka wa fedha umefungwa tarehe 30 Juni, kwa hiyo wengi wenu mmeshakaa na wakuu wenu na mmeshajua mmepata ngapi. Mimi nataka kuzungumzia siku chache zinazofuata. Umesoma maoni ya bosi, kuna sentensi moja imekukaa kooni, na unataka kwenda kumuuliza. Unamuulizaje mpaka aelewe kwamba unataka kujua, na si kwamba umekuja kugomba?

Kazi yangu ni rasilimali watu, kwa hiyo mara nyingi mimi ndiye mtu wa tatu chumbani: anayeandika kumbukumbu huku wawili wakizungumza. Kutoka kwenye kiti hicho nimeona jambo linalojirudia. Mfanyakazi anaingia na swali la kweli, tena kwa adabu, na ndani ya dakika mbili bosi ameshakunja mikono. Mfanyakazi anatoka akiamini bosi hapendi kuulizwa. Bosi anabaki akiamini huyu hapendi kuambiwa. Na wote wawili wamekosea.

Tuchukue kisa kimoja tukae nacho. Nimebadilisha mambo madogo ili wahusika wasitambulike.

Dada mmoja alikuwa afisa mikopo kwenye tawi la taasisi ndogo ya fedha. Alikuwa anahudumia vikundi vya wafanyabiashara wa sokoni. Malengo yake ya mwaka aliyafikia: idadi ya wateja wapya ilitimia, kiasi cha mikopo kilichotoka kilitimia, marejesho yalikuwa mazuri. Kwenye tathmini akapata 3 kati ya 5, na chini yake meneja wa tawi, mama wa makamo, akaandika: “Aboreshe mawasiliano.” Basi. Maneno mawili, hakuna mfano, hakuna tarehe.

Usiku ule aliandika ujumbe wa WhatsApp, na kwa bahati njema kabla ya kuutuma alimwonyesha mwenzake wa ofisini, aliyemshauri aje kwangu kwanza. Ulisomeka hivi:

“Shikamoo Mama. Nimesoma tathmini yangu lakini sijaelewa kwa nini nimepewa 3 wakati malengo yote nimeyafikia. Hilo la mawasiliano pia sijui limetoka wapi, kwani hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamika. Naomba ufafanuzi. Asante.”

Ndugu zangu, ujumbe huu una shikamoo mwanzoni na asante mwishoni, na kila kilichomo ni kweli. Hata hivyo, mama yule angeusoma kama mashtaka. Tuone ni kwa nini.

Kwanza, swali lake liko kwenye alama. Na alama, kwenye taasisi nyingi zenye matawi, si mali ya bosi wako peke yake. Bosi anapendekeza, halafu mameneja wanakaa kwenye kikao cha kuoanisha alama, ambako anaambiwa tawi lako lina watu wengi mno wenye 4 na 5, punguza. Anarudi na 3 ambayo huenda hata yeye hakuitaka, na haruhusiwi kukusimulia yaliyosemwa mle ndani. Sasa wewe unamuuliza kwa nini umepata 3. Unamtaka atetee uamuzi ambao hawezi kuueleza, kwa hiyo atafanya lile mtu yeyote angefanya: atatafuta kasoro zako za kutosha kuijaza ile 3. Umekwenda kutafuta msaada, umerudi na kasoro mpya tatu.

Pili, ujumbe umeshajijibu. “Malengo yote nimeyafikia.” “Hakuna mteja aliyewahi kulalamika.” Huo ni utetezi uliotolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Bosi akiusoma anajua kwamba lolote atakalosema litapingwa, na huo upande wa wateja umeshafungwa kabisa. Mtakuja kuona hapa mbele kwamba wateja hawakuwa na uhusiano wowote na jambo lenyewe.

Tatu, “naomba ufafanuzi.” Kila aliyefanya kazi ofisini hapa Tanzania anajua barua ya kujieleza inavyoandikwa: unatakiwa kutoa maelezo ndani ya siku kadhaa kwa nini usichukuliwe hatua. Unapomwambia bosi, ukiwa bado na hasira, “naomba ufafanuzi,” umemwandikia yeye barua ya kujieleza. Hasikii udadisi hapo.

Sasa, kuna mtu atasema: kumbe tunyenyekee tu, tumeze. Hapana. Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Susan Ashford na Anne Tsui, walichapisha utafiti juu ya mameneja na namna wanavyoomba mrejesho. Waliokuwa wakiuliza kasoro zao walionekana na watu wanaowazunguka kuwa watendaji wazuri zaidi. Waliokuwa wakitafuta sifa walionekana kinyume chake. Kwa hiyo kuuliza hakukushushi. Kinachokushusha ni kuuliza huku ukionekana unatafuta kusafishwa.

Turudi kwa dada yetu. Nilimshauri asubiri kidogo, lakini si sana. Siku ileile moyo bado unadunda, na wiki tatu baadaye bosi ameshasahau alichokiona. Siku mbili mpaka tano zinatosha. Nilimwambia pia asiulize kwenye korido, asiulize mbele ya wenzake, na asiweke nakala kwa ofisi yangu. Watu wanadhani nakala kwa rasilimali watu ni kufuata utaratibu. Kwa bosi anayeipokea, ile nakala ni tangazo la vita. Ukiwa na malalamiko rasmi, leta rasmi. Ukiwa na swali, liende kwa mtu mmoja.

Ujumbe alioutuma baada ya siku tatu ulikuwa huu:

“Shikamoo Mama. Nashukuru kwa muda wa Jumatatu. Nimeisoma tathmini tena, na suala la mawasiliano nataka nilifanyie kazi kuanzia robo hii. Naomba dakika 20 wiki hii, siku itakayokufaa, uniambie tukio moja au mawili ambapo mawasiliano yangu yalikwamisha kazi, na unishauri ningefanyaje. Alama sina swali nayo.”

Angalieni alichokiomba. Ameomba tukio, kitu kilichotokea siku fulani, ambacho bosi anaweza kukikumbuka bila kujitetea. Ametaja muda, dakika 20, kwa hiyo bosi anajua haji kuketi mpaka jioni. Na ameomba ushauri. Hili la ushauri lina mashiko yake: watafiti wa Harvard waliandika mwaka 2019 kwamba watu walioombwa ushauri walitaja mambo mengi zaidi ya kurekebisha, tena kwa undani zaidi, kuliko walioombwa mrejesho. Sababu waliyoitoa inaeleweka. Ukiombwa mrejesho akili inakwenda kuhukumu yaliyopita. Ukiombwa ushauri inakwenda kwenye yanayokuja.

Sentensi ya mwisho, “alama sina swali nayo,” ndiyo iliyomfungua yule mama. Lakini nawaonya: iandike kama ni kweli tu. Dada yetu alikaa siku tatu akajiuliza, akaona 3 anaweza kuishi nayo. Kama wewe huwezi, usiandike. Hakuna kitu kinachoharibu imani ya bosi kama mtu aliyesema alama haimsumbui, halafu dakika ya kumi anairudia. Na kama kuna kosa la ukweli, kwa mfano fomu inasema ulifungua akaunti 40 na taarifa ya mfumo inaonyesha 61, hilo si suala la kuomba mrejesho. Hilo ni sahihisho. Lipeleke peke yake, ujumbe wake, na karatasi zake, bila kulichanganya na haya. Ukiyachanganya, sahihisho lako litaonekana ni malalamiko, na ombi lako la ushauri litaonekana ni chambo.

Siku ya kikao mambo hayakuanza vizuri, na kwa kawaida hayaanzi vizuri. Mama alimkaribisha, akasema: “Aa, mwanangu, wewe uko vizuri tu. Ongeza bidii kidogo.”

Hapa ndipo wengi wanaposhukuru na kutoka. Jibu hilo ni ukungu. Bosi anakukinga usiumie, au anajikinga yeye, au kweli hana mfano kichwani kwa sababu aliandika fomu za watu wengi usiku mmoja. Ukimbana, “mbona basi uliandika niboreshe mawasiliano?” umerudi kwenye mashtaka. Dada yetu alifanya jambo moja tu: alimpunguzia mama kazi ya kukumbuka. Akasema, “Asante Mama. Tukichukua robo ya mwisho tu, Aprili mpaka Juni, kuna siku ulitaka kujua kitu kutoka kwangu ukakosa, au ukakipata kwa kuchelewa?”

Mama akanyamaza kidogo. Halafu akasema: “Kile kikundi cha wauza mitumba. Niliijua habari yao kutoka makao makuu. Walinipigia simu, wananiuliza mkopo umepitiliza siku 30, nasema sina habari. Niliona aibu.”

Kumbe ndiyo hiyo. “Mawasiliano” maana yake ilikuwa habari mbaya kumfikia bosi kwa kuchelewa. Wateja hawakuwamo. Ule ujumbe wa kwanza, na ile “hakuna mteja aliyewahi kulalamika,” ulikuwa unajitetea kwa kosa ambalo hakuna aliyelitaja. Ndiyo maana nasisitiza tukio. Maneno ya kwenye fomu, kama mawasiliano, umiliki wa kazi, kujituma, mtazamo, ni mifuko mitupu mpaka mtu akuwekee ndani yake kitu kilichotokea.

Sasa ndiyo dakika ngumu kuliko zote. Dada alikuwa na maelezo, tena mazuri. Alikuwa anakifuatilia kile kikundi mwenyewe, alikwenda sokoni zaidi ya mara moja, akakaa na mwenyekiti wao, na siku ya 34 fedha zote zikarudi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Ungesema: “Lakini Mama, hela si zilirudi?” Na mama angefunga mlango wa mazungumzo palepale, kwa sababu yeye hajasema hela hazikurudi. Amesema aliona aibu.

Sikubaliani na wanaofundisha kwamba usijieleze kabisa. Ukinyamaza na kusema sawa, sawa, sawa Mama, unasikika umenuna, na bosi anabaki na nusu ya habari. Bosi anahitaji kujua ulikuwa unafikiri nini, ili ushauri wake ugonge mahali pake. Tatizo la maelezo liko kwenye mahali yanapowekwa na namna yanavyoisha. Yakija kabla hujaonyesha kwamba umesikia, ni utetezi. Yakiishia na nukta, ni utetezi. Yakija baada ya kusikia, na yakaishia na swali, yanageuka taarifa.

Yeye alisema hivi: “Pole Mama kwa simu ile, sikujua ilikufikia namna hiyo. Mimi nilikuwa nakwenda kule sokoni mwenyewe, nikaona nisikusumbue mpaka nipate jibu la uhakika. Kumbe ungependa kujua mapema. Mapema ni lini? Siku ya ngapi?”

Mama akajibu bila kufikiri mara mbili: “Siku ya saba ikipita hawajalipa, nipigie. Hata kama huna jibu. Mimi sihitaji jibu, nahitaji nisishtukizwe.”

Fomu ilisema aboreshe mawasiliano. Baada ya dakika zisizofika 20 ana kipimo: siku ya saba, simu, hata bila jibu. Hicho mtu anaweza kukifanya Jumatatu asubuhi. Na amejua jambo jingine ambalo fomu isingemwambia kamwe, kwamba meneja wake anaogopa kushtukizwa na makao makuu kuliko anavyoogopa mkopo kuchelewa. Ukishamjua bosi kiasi hicho, mambo mengine mengi yanajipanga.

Aliandika kwenye daftari akiwa palepale, akamsomea: “Nimeandika hivi, nirekebishe kama nimekosea.” Mama akaongeza kwamba ujumbe mfupi unatosha kama yuko kwenye kikao. Jioni ile akamtumia mistari mitatu: nilichosikia, nitakachofanya, na kwamba atamrudia mwishoni mwa Agosti kumuuliza kama ameona tofauti. Akashukuru mara moja. Mara moja inatosha. Shukrani zikizidi zinaanza kunuka unafiki.

Na mwishoni mwa Agosti alimrudia kweli. Hakumuuliza, “Naendeleaje?” kwa sababu hilo linarudisha ukungu. Aliuliza: “Mama, habari za marejesho zinakufikia kwa wakati sasa, au bado kuna mahali nakuacha gizani?” Akaambiwa zinafika, ila ziwe fupi. Hilo nalo akaliandika.

Kwa ndugu zangu wa serikalini, neno moja. Kabla ya mwaka 2004, tathmini ya mtumishi ilikuwa taarifa ya siri: bosi anaandika, mwenyewe huoni. Mfumo wa tathmini ya wazi, OPRAS, ulipokuja ukaufanya mchakato uwe wa wazi, ukaweka hata nafasi ya alama ya mtumishi, ya msimamizi, na ile waliyokubaliana. Leo mko kwenye PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi: kazi zinaingizwa kwenye mfumo na msimamizi anazipima humohumo. Faida yake kwa jambo letu ni kwamba tukio halihitaji kukumbukwa tu. Unaweza kwenda na kazi moja iliyoko kwenye mfumo ukasema, “Afisa, hii ya mwezi Machi, ingefanywaje ili uipe alama ya juu zaidi?” Hatari yake ni kwamba watu wameanza kudhani kubofya kumemaliza mazungumzo. Mfumo unahifadhi alama. Ile habari ya aibu ya simu ya makao makuu hauwezi kukwambia.

Kuna hali ambayo haya yote hayatoshi, na sitaki mtoke hapa bila kuijua. Tathmini ikiwa ndiyo mwanzo wa safari ya kukuondoa kazini, yaani umepewa onyo la utendaji duni au umetajiwa muda wa kujirekebisha, usitegemee mazungumzo mazuri peke yake. Kwa sekta binafsi hapa Tanzania Bara, Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007, zinamtaka mwajiri achunguze sababu za utendaji duni, amwelekeze mfanyakazi, na ampe muda wa kutosha wa kujirekebisha kabla ya kumwachisha. Hapo bado unauliza kwa uwazi uleule, tukio gani, kipimo gani, kufikia lini, lakini unaomba majibu kwa maandishi na unatunza nakala nyumbani. Uwazi na kujilinda havigombani.

Kabla hatujafungua mjadala, mzee mmoja ameniletea swali kwenye karatasi, na ni zuri kiasi kwamba nalijibu hapa. Anasema bosi wake ana umri wa mwanawe wa tatu. Akienda kumuuliza, yule kijana anamwamkia shikamoo, anaona haya, na anamwambia, “Mzee wangu, wewe huna tatizo.” Kila mwaka hivyohivyo.

Mzee wangu, kijana wa watu yuko kwenye mtego. Ukimuuliza juu yako wewe, unamtaka amkosoe mzee, na amelelewa asifanye hivyo. Usimpe akukosoe wewe; mpe aikosoe kazi yako. Nenda na ripoti moja uliyoiandika, iweke mezani, mwite Meneja kama wengine wanavyomwita, na umwombe aweke alama ya kalamu mahali pawili ambapo yeye angeandika tofauti. Kuisahihisha ripoti hakumvunjii mtu heshima. Akishaweka alama hizo mbili, muulize kama ripoti zako nyingine nazo huwa hivyo. Halafu nyamaza umpe nafasi, maana kijana atahitaji muda wa kutafuta maneno, na wewe kama mzee utashawishika kumsaidia kuyatafuta. Usimsaidie.

Haya, mikono naiona. Tuanze na yule dada aliyekaa karibu na dirisha.